Droo ya Mpwa Wangu

Wampembe, kijiji kilicholala chini ya ukingo wa Ufipa, kikiwa na mlima mgongoni na Ziwa Tanganyika usoni, hakina benki, wala hakijapata kuilalamikia sana kasoro hiyo, kwa kuwa pesa zake kwa miaka mingi zilijua kusafiri zenyewe: nyingine zilipanda meli ya Liemba, chombo kilichoundwa Ujerumani mwaka 1913, zikiwa zimeshonwa ndani ya bindo la mama wa dagaa, nyingine zilipanda mlima kwenda Namanyere ndani ya soksi ya utingo wa lori, na nyingine, ambazo hazikuwa chache, zilisafiri kwa amana ya mtu aliyeapa mbele ya mashahidi kuwa atazifikisha, kisha yeye na amana wakawa ghaibu. Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, huduma ya pesa kwa simu ikaanza katika Tanzania, na hatimaye ikateremka mlima mpaka kwetu, na leo kazi ya Liemba, soksi na kiapo imo ndani ya kibanda cha mabati chenye upana wa hatua tatu, ambamo mpwa wangu, kijana mwenye heshima na vidole vyepesi, huketi kutwa nzima kama wakala.

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Nilipotoa sehemu ya kiinua mgongo changu ili iwe sehemu ya mtaji wa kibanda hicho, nilitaka sharti moja tu, kwamba kila jioni tufunge hesabu pamoja. Mpwa wangu alilipokea sharti hilo kwa adabu ile ambayo vijana hupokea nayo dawa chungu.

Elimu yenyewe ya uwakala, nikiieleza kwa mtu asiyeijua, ni fupi mno. Mtaji wa wakala umekaa mahali pawili: sehemu ni floti, yaani pesa iliyomo ndani ya laini zake za simu, na sehemu ni taslimu, yaani noti na sarafu zilizomo ndani ya droo. Mteja akija kuweka, anatoa noti na wewe unamrushia floti. Droo hunenepa, simu hukonda. Mteja akija kutoa, kinyume chake hutokea. Kwa hiyo, miamala iwe mia au iwe miwili, jumla ya floti na taslimu haina ruhusa ya kubadilika, isipokuwa mwenyewe umeongeza mtaji, au umeuchukua, au umeula. Ada anayokatwa mteja ni ya kampuni, haiingii droo. Kamisheni ya wakala nayo huwekwa mahali pake, na sisi hatuihesabu katika jumla mpaka tumeihamisha kwa makusudi na kuiandika. Tukianza asubuhi na 4,000,000, sharti tulale na 4,000,000. Hilo ndilo somo zima, na mtoto wa darasa la tatu angelifaulu, kama pasingekuwapo mwezi, dagaa, mtandao na binadamu.

Nimeutaja mwezi wala sikufanya dhihaka. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, nao hawaifuati taa ila katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa ya mvuvi haina heshima mbele yake, na mitumbwi hupumzishwa mchangani. Basi katika siku za giza wachuuzi huteremka kutoka Sumbawanga na kwingineko, nao, kwa kuwa wanaiogopa barabara ya mlimani na watu wake, hawabebi noti, hubeba simu. Kabla jua halijawa kali wamejipanga mbele ya kibanda, kila mmoja anataka kutoa laki tatu, laki tano, ili awalipe wavuvi ambao hawataki kusikia habari ya simu, wanataka noti mkononi. Ikifika saa nne asubuhi mpwa wangu ni tajiri wa simu na fukara wa droo: floti imejaa mpaka kikomo, na ndani ya droo zimebaki sarafu na kitambulisho ambacho mtu alikisahau siku nyingi zilizopita. Hapo ndipo wenye maduka huwa marafiki wa kweli, maana wavuvi waliolipwa watakwenda kwao kununua nyavu, sukari na betri, na jioni wenye maduka watazileta noti zilezile waziweke kwenye simu, wawalipe wauzaji wa jumla wa mjini. Noti moja ya elfu kumi, ambayo naifahamu kwa alama ya wino pembeni mwake, nimeiona ikitoka katika droo yetu asubuhi na kurejea jioni, ikinuka zaidi.

Mbalamwezi ikija, mambo hugeuka. Hakuna mchuuzi, hakuna mvuvi, na wateja ni wazee wanaotumiwa kitu kidogo na watoto wao walio mijini. Wote wanatoa, hakuna anayeweka, na taslimu hukauka polepole bila kelele. Mwaka 2024, serikali za nchi zinazolizunguka ziwa zilipokubaliana kulipumzisha, uvuvi ukafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nasi tukawa na miezi mitatu mfululizo ya mbalamwezi ya kihesabu. Mpwa wangu alikuwa akipanda Namanyere kuifuata benki mara nyingi kiasi kwamba utingo wa lori alianza kumwita shemeji.

Kwa sababu hizo, kufunga hesabu jioni peke yake hakutoshi, na hapa ndipo palipozuka ugomvi wetu wa kwanza. Mimi nilitaka tuhesabu asubuhi, tuhesabu mchana, tuhesabu jioni, yeye akasema, “Mjomba, ukihesabu hela kila mara zinakimbia.” Nikamweleza kwamba kuhesabu mchana ni kuukata msitu katikati: jumla ikiwa kamili saa nane, na ikawa pungufu saa mbili usiku, basi mwizi, au kosa, au jini, aliingia baada ya saa nane, na nusu ya daftari haina haja ya kufunguliwa. Akakubali, lakini kwa masharti kwamba hesabu ya mchana nisiifanye kwa sauti mbele ya wateja, kwa kuwa wateja wakisikia kiasi kilichomo wanaongeza kiasi wanachotaka kukopa.

Tukaweka na daftari. Kila muamala una mstari wake: saa, namba ya mteja, kuweka au kutoa, kiasi, na mwisho tarakimu chache za kumbukumbu ya muamala kama zilivyo katika ujumbe. Safu ya mwisho mpwa wangu aliiita “ya kumridhisha mjomba”, na aghalabu aliiacha tupu.

Nisiwachoshe kwa visa vyote vilivyotupata, maana vingine ni vya kila kibanda. Kuna siku jumla ilizidi kwa 10,000 kamili, mpwa wangu akafurahi, nami nikashikwa na hofu, kwa kuwa upungufu ni msiba wa wakala lakini ziada ni mali ya mtu, na mtu huyo yuko njiani anakuja. Tulikuta noti mbili, ambazo mpwa wangu alizipokea kama moja na mimi jioni nikazihesabu mbili, zimegandamana kwa magamba na ute wa samaki, zimekauka zikawa kitu kimoja chenye unene wa kushangaza, na zilipotenganishwa kwa maji ya uvuguvugu zilitoa harufu iliyomwita paka wa jirani. Tangu hapo ikawa kanuni: ziada au upungufu ulio sawa na noti moja, kwanza zikunjue noti, ndipo umtuhumu binadamu. Siku nyingine tulipungukiwa 200,000, tukapekua mpaka chini ya mkeka, na saa nne usiku tukaamua kwenda kumwomba ushauri wakala mwenzetu wa upande wa mwaloni. Tukakutana naye nusu ya njia, ana tochi, anakuja kwetu, uso umemparama, kwa sababu yeye alikuwa na ziada ya 200,000 na alidhani ni mtego wa matapeli. Mchana ule alikuwa amekuja kubadilishana, achukue floti alete noti. Floti aliichukua, akaitwa na mteja, na noti akaenda nazo. Hakuna aliyeandika, maana ni jirani.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba jumla ikitimia kila kitu kimetimia. Usiku mmoja tulifunga bila shilingi hata moja kupotea, nikampa mpwa wangu mkono kama nilivyokuwa nikiwapa wanafunzi waliofaulu, tukalala usingizi wa wacha Mungu. Asubuhi mama mmoja alikuwa mlangoni kabla ya jogoo, analia kwamba 80,000 za ada ya shule hazikufika. Zilikuwa zimetoka, ila tarakimu moja ya namba ilikosewa, zikaangukia kwa mtu asiyejulikana. Noti zake zilikuwamo droo, floti ilikuwa imepungua kwa kiasi kilekile, na mizani ya jioni haikuwa na sababu ya kulalamika. Mizani inajua ni ngapi zimekwenda. Zimekwenda kwa nani haiulizi. Ndiyo sababu nilimfundisha mpwa wangu kwamba simu inapomwonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri, alisome jina hilo kwa sauti na mteja alikiri. Alilishika fundisho hilo vizuri mno, na kulishika vizuri mno ndiko kulikozaa kadhia ninayotaka kuieleza.

Ilikuwa siku ya giza, na mwaloni umejaa. Asubuhi tulifungua na floti 2,600,000 katika laini zote, na taslimu 1,400,000. Saa nane mchana, baada ya wachuuzi kututoa noti kama kawaida yao, floti ilikuwa 3,150,000 na taslimu 850,000. Jumla 4,000,000, salama salimini. Nikaenda nyumbani kulala kidogo. Alasiri, kwa mujibu wa daftari, waliotoa walitoa jumla ya 340,000, na walioweka waliweka jumla ya 540,000. Msomaji mwenye kalamu aione hesabu: floti ilipasa kuwa 3,150,000, ongeza 340,000, toa 540,000, ibaki 2,950,000, na taslimu ilipasa kuwa 850,000, toa 340,000, ongeza 540,000, iwe 1,050,000.

Saa mbili usiku tukafunga mlango, tukawasha taa ya sola, tukahesabu noti. Zilikuwa 1,050,000. Tukauliza salio laini baada ya laini. Zilikuwa 2,905,000.

“Hela zipo, mjomba,” akasema mpwa wangu kwa matumaini, akiashiria droo.

“Hela ni 3,955,000,” nikamjibu. “Zimepungua 45,000.”

Kwa mtu aliyezoea, kimya kilichofuata kina faida, maana upungufu una sura, na sura yake husema umetoka wapi. Kwanza, droo ilikubaliana na daftari, na simu ndiyo iliyokataa. Kwa hiyo hakuna noti iliyopotea wala iliyogandamana, kosa liko upande wa floti. Pili, hapakuwa na mstari wowote wa 45,000 katika daftari, ambao ungeonyesha kwamba muamala mmoja ulirushwa mara mbili mtandao ulipokwama. Tatu, hapakuwa na mstari wa 22,500, ambao ni nusu yake, na nusu hutafutwa kwa sababu aliyefanya kuweka mahali pa kutoa huukosea mzani mara mbili. Yakabaki ya nne, ambayo walimu wa zamani walituachia kama wasia: gawanya kwa tisa. Ikigawanyika, shuku tarakimu. Ama mbili zimebadilishana nafasi, 16,000 ikabonyezwa 61,000; ama sifuri moja imezaliwa mahali pasipo pake, kwa maana sifuri ikiongezwa kiasi huwa mara kumi, fungu moja mteja amelilipa, na mafungu tisa umemlipia wewe.

Arobaini na tano elfu kwa tisa ni elfu tano. Wa 16,000, wala mwingine wa kubadilishana namna hiyo, hakuwamo daftarini. Basi kuna mtu aliyeleta 5,000 alasiri ile akaondoka na 50,000.

Mpwa wangu alinitazama kama mtu aliyemwona mjomba wake akiongea na mizimu. Kisha akaisogeza simu, ile ya vitufe, ambayo laini yake ndiyo iliyopungua, akabonyeza kitufe cha sifuri taratibu. Kikaingia, kisitoke. Akakikwangua kwa ukucha, na chini yake pakatoka gamba la dagaa, jembamba, linang'aa, lisilo na hatia yoyote. Kwa hiyo sifuri zilikuwa zikijizidisha zenyewe, na yeye, ambaye kwa fundisho langu alikuwa akisoma jina la mteja kwa sauti kubwa na kwa ufasaha, macho yake yalipita juu ya kiasi bila kukisalimu.

Kupata ujumbe wa muamala wenyewe lilikuwa jambo jingine. Simu ile haichukui ujumbe mwingi, na mchana, ilipojaa, mpwa wangu alifuta wote ili ujumbe mpya upate kuingia. Orodha ndogo inayotolewa na laini huonyesha miamala michache ya mwisho tu, na ile ya alasiri ilikwisha kupita. Na safu ya kumridhisha mjomba, kama nilivyosema, ilikuwa tupu. Ila namba za wateja zilikuwamo. Walioweka 5,000 baada ya saa nane kwa laini ile walikuwa watatu. Tukachukua tochi.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa anasonga ugali, naye aliposikia kwamba mwalimu mstaafu na wakala wamekuja usiku kumwuliza kuhusu elfu tano yake, aliuweka mwiko chini na kuuliza kwa upole unaotisha, “Sasa hiyo elfu tano yangu imewakosea nini, baba?” Tukamwomba atazame salio lake. Akatazama. Ilikuwa elfu tano, na tulipewa tonge la ugali ili tuondoke. Wa pili alikuwa mlinzi wa ghala la samaki, naye alikwisha kuitumia elfu tano yake yote kununua muda wa maongezi na alikuwa katikati ya maongezi yenyewe, akatuonyesha kwa mkono kwamba tungoje, tukangoja, mpaka tukajua habari zote za ndoa ya dada yake.

Akabaki wa tatu. Naye alikuwa kijana mvuvi, na usiku ulikuwa wa giza, na kijana mvuvi katika usiku wa giza yuko mahali pamoja tu. Tulisimama mchangani tukitazama taa zao mbali majini, nyingi, zimejipanga kama mji mwingine usiokuwa na wakala, na mpwa wangu akapiga namba yake mara kwa mara huku mwanamke wa kwenye simu akimjibu, kwa adabu ileile kila mara, kwamba namba hiyo haipatikani.

Alfajiri mitumbwi ikarudi. Kijana akashuka, maji magotini, anaimba. Na alipotuona alitukimbilia yeye, kabla hatujasema lolote, akatupa habari njema. Jana, akasema, alikwenda kuweka elfu tano apunguze deni la mkopo wa simu, deni la 32,000 lililokuwa likimnyima raha tangu mwezi uliopita. Na jioni, akiwa tayari mtumbwini, akafungua simu akakuta deni lote limefutwa na juu yake amepewa 18,000. “Kampuni imetusamehe, mwalimu,” akasema, akimshukuru Mola. “Tena nimewaambia wenzangu wote wakope.”

Hakuna kazi niliyowahi kuifanya darasani iliyokuwa nzito kama kumweleza kijana yule, juu ya mchanga ule, kwamba aliyemsamehe si kampuni bali ni mimi. Mikopo hiyo, kwa wasioijua, hukaa mlangoni mwa simu ya mdaiwa, na pesa yoyote iingiayo hukamatwa kwanza na deni kabla ya mwenyewe kuiona. Zilipoingia 50,000, deni likachukua 32,000 zake, likamwachia 18,000. Katika hizo 32,000, elfu tano zilikuwa zake kweli na 27,000 zilikuwa za kiinua mgongo changu. Tukapiga simu kwa wahudumu, tukajieleza, na jibu lilikuwa kwamba pesa iliyokwisha kulipa deni imekwisha kulipa deni.

Kijana hakubisha, na hilo nalitaja kwa sababu wengine wangebisha. Alikuja kibandani akatoa 16,000 bila kuchukua noti, floti yetu ikapanda kwa kiasi hicho na droo isishuke. Zile elfu mbili zilizosalia zikaachwa kwa ajili ya ada ya kutoa, na chenji ikabaki kwake. Kwa hiyo jumla yetu ikawa 3,971,000, na deni lake kwetu 29,000. Taslimu hakuwa nayo, kwa kuwa mgao wa mtumbwi hupigwa mwisho wa giza, lakini alikuwa na dagaa. Tukakubaliana bei mbele ya nahodha wake, nao wakapimwa kwa debe, wakamwagwa mbele ya kibanda.

Hapo ndipo daftari letu lilipopata safu ambayo sidhani inaonekana katika mafunzo yoyote ya uwakala. Asubuhi ile mpwa wangu alifungua siku kwa maandishi haya: floti, kiasi chake, taslimu, kiasi chake, dagaa, 29,000, jumla, 4,000,000. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema, “Mjomba, wewe ndiye uliyesema jumla isibadilike.”

Dagaa wakaanikwa nyumbani kwangu, kwa sababu ya uwanja mpana, na nikapewa dhamana ya kuwalinda dhidi ya kunguru, mvua na bata. Kunguru hawakupata kitu. Mvua haikunyesha. Mke wangu, lakini, ni mtu wa ziwani, na hakuna sheria inayojulikana kwake inayosema kwamba dagaa walioko uwanjani kwake ni salio la kampuni; siku ya kwanza alichukua wa mchuzi, siku ya pili akapata wageni kutoka Kala, na siku ya tatu mimi mwenyewe, nikila, nilisifu mapishi. Walipouzwa kwa mchuuzi wa Sumbawanga, walileta 24,500.

Jioni ile tulifunga kama kawaida. Mpwa wangu akajumlisha floti, akajumlisha taslimu, akaifuta safu ya dagaa kwa mstari mmoja ulionyooka, akatazama jumla kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Zilipungua 4,500. Akachukua kalamu nyekundu, akagawanya pembeni mwa ukurasa, polepole, kwa utaratibu ule niliomfundisha.

“Mjomba,” akasema, “inagawanyika kwa tisa.”

Nikamwambia asitafute, mara hii hakuna sifuri iliyoongezwa. Akaniandika jina langu kamili, na mbele yake kiasi, na katika ile safu ya mwisho, ambayo hakuwa ameijaza kwa wiki nzima, akaandika: mchuzi. Nimekwisha kulipa elfu tatu. Elfu moja na mia tano zilizobaki nitazilipa giza lijalo.